Mita Rahisi za Dada

Dada yangu, mshonaji, alikuwa na milioni arobaini na ramani mbili za nyumba. Ndogo ilikuwa mita za mraba themanini, kila mita laki tano. Kubwa ilikuwa mia na ishirini, kila mita laki nne. Akachagua kubwa, eti ndiyo rahisi.

Mimi, fundi nisiye na mpinzani, niliyeiacha shule isinicheleweshe, nikamwambia: “Dada, jiko na bafu ndivyo vinavyokula hela, na ramani zote mbili zina jiko moja na bafu moja. Kubwa imeongezewa vyumba vitupu, ndiyo maana bei ya mita imeshuka. Linganisha jumla: arobaini kwa arobaini na nane!”

“Wivu tu huo, kaka.”

Leo kuta zimesimama, hela imekwisha, bati hakuna. Ananiuliza tupunguze nini. Mimi, bingwa wa majibu, napima upya vile vyumba vitupu, ambavyo kuta zake hazipunguziki tena.