Nilivyomuua Nesi Mwendwa

Juzijuzi nilimuua mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Asubuhi yake nikapewa pole.

Ngojeni niwaeleze.

Mimi na shoga yangu Fauzia, hapa Mwabungo, tunatunga hadithi za upelelezi na kuziweka mtandaoni. Mpelelezi Kaingu nimemzaa mimi. Anavaa kiatu kimoja, ananusa vitasa vya milango, na akikutazama kucha anajua jana ulikula nini.

Fauzia kazi yake kuandika tu. Akamtia nesi wa kiume, Mwendwa, rafiki wa Kaingu, anayefuatana naye na kutusimulia yote: "Nilimwona Kaingu akiinama..."

Basi wasomaji wakamsifu nani? Mwendwa!

"Ana moyo huyo!"

"Mwendwa, nioe!"

Kaingu wangu akamate wezi, sifa azoe mbeba mkoba? Roho iliniuma, nikashindwa hata kumaliza chai.

Fauzia alipokwenda harusini Msambweni, nikaichukua simu tunayoandikia. Nikamtumbukiza Mwendwa kisimani. Kwisha habari yake.

Asubuhi Syovata, muuza mboga, akapiga hodi, macho mekundu.

"Shikamoo, bibi. Mwendwa jamani!"

"Marahaba. Ndiyo kazi ya Mungu, mwanangu." Nikajifunika uso kwa leso. Nilikuwa nacheka.

Nikaandika nyingine, Kaingu akisimulia mwenyewe. Pete ya harusi imeibwa Gazi, mwizi katorokea mikokoni. Kaingu anaona tope la mikoko kwenye kiatu cha mjomba wa bwana harusi, na kwa kuwa msimulizi ndiye yeye, mstari wa tatu mwizi keshajulikana!

Nikafuta. Nikamfanya anyamazie alichokiona.

"Anatuficha huyu!" wakasema wasomaji.

Nikamfanya aeleze akili zake zote.

"Majivuno matupu!"

Wakahama. Kaingu wangu akabaki kujisifu peke yake.

Fauzia aliporudi nilidhani atanisusa.

"Shoga," akasema, "Mwendwa angeliona tope lilo hilo, akadhani mjomba katoka kuvua kaa. Msomaji naye angepita nalo hivyo hivyo, mpaka Kaingu aulize swali moja tu. Kaingu ana akili kwa sababu pembeni yupo mtu wa kushangaa."

"Ndiyo keshakufa."

Akacheka mpaka mtandio ukamvuka.

"Umesoma ulichoandika, bibi wee? 'Nikatumbukia kisimani, nikafa.' Hapo kasimulia nani?"

Lo!

Jioni ile akaweka sehemu mpya. Mwendwa yu hai, anasema: "Maiti hasimulii. Basi aliyeandika kifo changu si mimi. Namjua, ananionea wivu. Sitamtaja, kwa maana ni rafiki yangu."

Wasomaji wakalia. Wakarudi wote, wakaleta na jamaa zao.

Syovata akaja mbio. "Bibi, ni nani huyo mwenye roho mbaya?"

"Hata mimi nashangaa, mwanangu."

Na sasa Mwendwa anapendwa maradufu! Yule yule!

Nawausia: mtu ukimwonea wivu, mfanyie lolote, ila usimpe nafasi ya kukusamehe mbele za watu.