Kikombe Kimoja, Visahani Viwili

Dada yangu, mwalimu mpya wa kemia, alikuwa anaandaa majibu ya zoezi la wanafunzi wake nyuma ya duka letu la vyombo, Kariakoo. Kwa moli moja ya chokaa, Ca(OH)₂, alipata gramu 58: kalsiamu 40, oksijeni 16, hidrojeni mbili.

"Dada, hiyo mbili iko nje ya mabano. Oksijeni pia ziko mbili."

"Unanifundisha kazi?"

Nikaenda kutuandalia chai. Niliporudi nikaweka mezani kikombe kimoja na visahani viwili.

"Kikombe kingine kiko wapi?"

"Hizo ni seti mbili, dada. Kwa hesabu yako."

Akafuta 58, akaandika 74. Kisha akavuta kikombe kwake, akanisogezea kisahani.

"Kunywa," akasema.