Samaki wa Wiki Isiyo na Stima

Transfoma ya mtaa wetu ililipuka Jumanne asubuhi, mwezi wa saba, baridi ikiwa imeushika mji. Nilikuwa ngazini na mtungi wa maji nikasikia mlio kama wa gurudumu linalopasuka, kisha redio zote za ploti, jengo letu la vyumba vya kupanga, zikanyamaza kwa pamoja. Tuliishi mtaa wa Kware, Nairobi, orofa ya nne, mimi na mama. Sikushtuka. Stima kupotea Kware si habari. Niliweka mtungi chini, nikapumzisha mkono, nikaendelea kupanda.

Mama alikuwa amesimama mbele ya friza, kiganja chake juu ya mfuniko kama mtu anayempima mtoto homa.

"Itarudi," akasema.

Mama aliuza samaki wa kukaanga chini ya jengo letu kwa miaka tisa. Watu hawakujua jina lake. Walimwita Mama Samaki, na mimi wakaniita msichana wa Mama Samaki, hata baada ya kumaliza chuo. Friza ile aliinunua ya mkono wa pili, nyeupe, imebonyea ubavuni, na ilichukua nusu ya chumba. Tulilala kandokando yake. Wiki hiyo ilikuwa imejaa kuliko siku yoyote. Kina mama wa kanisani walikuwa wamemwagiza ngege, samaki wa ziwani, wa kulisha harusi ya Jumamosi, na hakuwa amewahi kupewa kazi kubwa hivyo. Alikuwa amerauka Jumatatu kwenda soko la Gikomba kuchagua mwenyewe, akiwafunua mashavu mmoja mmoja kuona kama ndani bado ni mekundu.

Mimi nilikuwa nimesomea mambo ya chakula, stashahada ya miaka miwili. Nilijua kwa nini maziwa huganda na kwa nini nyanya hulainika. Kazi sikuwa nimepata. Nilimsaidia mama kupaa magamba huku nikituma barua za maombi ambazo hazikujibiwa.

"Usiifungue," nikamwambia siku hiyo ya kwanza. "Ikiwa imejaa na haijafunguliwa, itashika baridi siku mbili hivi. Wale samaki wenyewe ndio barafu yake."

Aliitikia. Lakini nilitoka kwenda kuulizia habari za transfoma, na niliporudi nilikuta mfuniko uko juu na mama ameinama ndani.

"Nilikuwa naangalia tu."

"Mama, kila ukiangalia unaingiza joto."

"Na nisipoangalia nitajuaje?"

Aliiangalia tena jioni, na usiku nilimsikia akiipapasa gizani.

Jumatano mchana hakuna fundi aliyekuwa amefika. Mama mmoja jirani alisema amesikia wanakuja kesho. Nilizunguka hadi mitaa ya jirani, Pipeline na Fedha, nikitafuta barafu. Muuza nyama aliniuliza kama nadhani yeye ana stima ya kwake. Upande wa Fedha stima ilikuwepo, lakini duka lenye barafu lilikuwa na mifuko mitatu midogo tu. Nilibeba mitatu, na nilipofika nyumbani mmoja ulikuwa tayari unachuruzika mgongoni mwangu.

Tulifungua friza tukiwa wawili. Safu ya chini bado ilikuwa ngumu kama mawe. Safu ya juu ilikuwa imeanza kukubali kidole.

"Hawa wa juu tuwatie chumvi," nikasema. "Leo hii. Tukingoja kesho tumechelewa."

Mama alinitazama. "Watu wa harusi hawakuagiza samaki wa chumvi."

"Hawa si wa harusi tena."

Hapo ndipo alipoketi kwenye kitanda, na kwa mara ya kwanza niliona ameogopa. Akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Kwani kwenye friza wanakuwaje? Mbona wanakaa mwezi mzima, halafu siku moja tu wanaanza kuharibika?"

Nikamweleza nilivyoweza. Kwamba samaki anatoka ziwani na vijidudu vyake tayari, kwenye ngozi, kwenye mashavu, tumboni. Akiwa hai mwili wake unavizuia. Akifa hakuna wa kuvizuia, na nyama yenyewe inaanza kujilainisha kutoka ndani. Baridi ya friza haiviui vijidudu. Inavilaza tu. Barafu ikiyeyuka vinaamka, tena vinakuta karamu, kwa sababu ile barafu imeichanachana nyama na maji yake yamemwagika.

"Kwa hiyo vimekuwa humo wakati wote," akasema.

"Wakati wote."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyesalitiwa.

Tulinunua mfuko mzima wa chumvi ya mawe. Tulipasua samaki mgongoni, tukatoa matumbo, tukaosha, tukapaka chumvi ndani na nje bila huruma, tukawapanga kwenye karai la plastiki. Baada ya saa chache karai lilikuwa limejaa maji ya chumvi ambayo hatukuyatia. Mama alishangaa. Nikamwambia ndiyo kazi ya chumvi hiyo, kuyavuta maji yatoke; kijidudu nacho kinanyonywa maji yake na kinashindwa kuzaana. Alitia kidole, akaonja, akatabasamu kidogo. Ndilo tabasamu pekee ninalokumbuka la wiki ile.

Wale wa chini tuliwaacha na barafu ya Fedha. Alhamisi ikapita. Mafundi walikuja, wakaitazama transfoma, wakapiga picha, wakaondoka.

Ijumaa asubuhi niliamshwa na harufu. Haikuwa kali. Ilikuwa harufu ya tamutamu, ya kitu kilicholowa, na mtu asiyejua angesema ni harufu ya samaki tu. Mama alikuwa ameshawatoa wote. Macho yao yalikuwa yamezama na kuwa meupe. Nilimbonyeza mmoja, shimo la kidole likabaki.

Mama alikuwa anakata ndimu.

"Tutawakaanga sasa hivi," akasema bila kunitazama. "Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili. Kesho tutawapasha moto tu. Mafuta ya moto yanaua kila kitu."

"Yanaua vijidudu, mama. Lakini vikishakula vinaacha sumu, na sumu nyingine haifi kwa moto, kwa sababu haikuwa hai."

"Nimekaanga samaki kabla hujazaliwa."

"Najua."

"Hakuna mtu amewahi kuugua kwangu."

"Ndiyo sababu nakuambia."

Aliendelea kukata ndimu. Kisu kiligonga ubao, kikagonga, kikagonga. "Kule kanisani walimtaka mama mwingine," akasema. "Mimi nikawaambia, nipeni, hamtajuta. Nilisimama mbele yao nikasema hivyo."

Ningeweza kunyamaza. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi. Pengine wangekula na wasiugue, kwa sababu si kila samaki aliyelainika huua, na hata mimi sikuwa na maabara ya kupima chochote. Lakini niliwaza watoto wa harusi, wale wanaokula wa kwanza, nikamshika mkono wenye kisu.

"Sitakuruhusu," nikasema.

Sikuwahi kusema neno kama hilo kwa mama yangu. Alikiweka kisu chini. Halafu akatoka, akaenda barazani, akasimama akitazama ukuta wa jengo la pili, ambao uko karibu kiasi kwamba ukinyoosha fagio unaugusa.

Tuliwabeba kwa ndoo hadi jalalani, safari tano. Katika safari ya mwisho tulimkuta mwanamke mmoja na mfuko wa nailoni akiwachagua wale wakubwa. Mama alimjua, alikuwa mteja wake.

"Mama Samaki, mbona unatupa vitu vizuri hivi?"

"Wameharibika. Usile."

"Hawa? Hawa ukiwachemsha vizuri..."

Mama alikwenda nyumbani. Aliporudi alikuwa na kopo la mafuta ya taa ya jiko letu. Aliyamwaga juu ya samaki wote, taratibu, akihakikisha hakuna aliyebaki mkavu, huku yule mwanamke akimtazama kama anatazama mchawi. Kisha mama akaunyakua ule mfuko wa nailoni mkononi mwake, akaumwaga nao, akaulowesha.

"Una roho mbaya," yule mwanamke akasema.

Mama aliokota ndoo yake. Alilia njiani tukirudi, bila sauti, na mafuta ya taa yakinuka mikononi mwetu sote wawili.

Harusi ilipikiwa na mama mwingine. Wa kanisani walisema wanaelewa.

Tulibaki na wale wa chumvi. Hao ndio niliowategemea, na nilimwahidi mama kwamba hao hawataharibika. Kilichobaki ni kuwakausha. Kwenye baraza letu jua halifiki kamwe. Majengo yamesongamana mno. Keateka, mtunza jengo, alitufungulia paa kwa shingo upande, tukawatundika kwenye kamba za nguo kati ya matangi ya maji. Jumapili jua lilichungulia kidogo. Jumatatu mawingu yalishuka, yakaanza yale manyunyu ya Nairobi yasiyonyesha wala kuacha. Tukawashusha, tukawatundika chumbani, juu ya vitanda.

Nilijua tatizo, na sikumwambia mama. Chumvi inavuta maji kutoka kwa chochote, hata hewani. Chumba chetu kilikuwa na unyevu, kuta zinatoa jasho, nguo hazikauki. Samaki waliokuwa wameanza kukauka walianza kunata tena.

Stima ilirudi siku hiyo hiyo. Watoto wa ploti walipiga kelele za furaha. Friza ilianza kunguruma, tupu.

Siku chache baadaye mama aliniita. Alikuwa amemshika samaki mmoja karibu na taa. Kwenye nyama palikuwa na madoa ya kijivu na kijani, yenye manyoya laini. Alipopuliza, vumbi jembamba liliruka.

"Hiki nacho?"

"Ukungu."

"Ulisema chumvi inaua."

"Nilisema inazuia. Bakteria wengi inawazuia. Ukungu unavumilia, unahitaji maji kidogo sana. Mbegu zake ziko hewani, kila mahali. Zilikuwa zinangoja mahali palipolowa tu."

Alilitazama lile vumbi likitua kwenye blanketi. "Kwa hiyo hatukuwa na njia," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Ningemwambia kwamba njia ingekuwepo kama tungekuwa na jua la siku nne. Kama tungekuwa na paa letu, waya wa kuanikia, upepo. Lakini hayo yote ni maneno mengine ya kusema hatukuwa na njia.

Friza ilinunuliwa na mtu wa Kariokor anayeuza soda. Mama hakurudi kukaanga. Siku hizi anafanya kazi za nyumbani Fedha, siku tatu kwa wiki, na jioni moja mwezi uliopita alirudi na mkate aliopewa huko. Ulikuwa na doa moja la kijani pembeni. Alilikata kwa kisu, akaanza kula uliobaki.

"Mama, nyuzi za ukungu zimeingia ndani. Usichokiona ndicho kingi."

"Najua," akasema akitafuna. "Nina njaa."

Alinikatia kipande, akakiweka kwenye sahani mbele yangu. Chai ilikuwa inapoa.

Nilikila.