Bango la Mama Wahu

Ofisi ya leseni za biashara ilitangaza kwamba kila duka liwe na bango jipya kufikia Ijumaa, na asiyetii atanyang'anywa leseni. Hakuna udhuru utakaopokelewa.

Jumatano, Mama Wahu wa vifaa vya ujenzi alimwongezea Dishon, mchoraji wa mabango pale Nyalenda, kazi: zaidi ya jina la duka, sasa alitaka picha za nyundo na toroli.

"Na Ijumaa ni Ijumaa, Dishon!"

"Mama, rangi haiogopi ofisi. Nikiharakisha, nyundo itachuruzika mpaka kwa jirani. Jina Ijumaa, picha Jumanne."

Mama Wahu akacheka. "Haya, lakini toroli iwe kubwa."

Ijumaa jina lilitundikwa, limekauka vizuri. Kibandani kwa Dishon lilibaki bango la ile ofisi yenyewe, ambayo ilikuwa imekubali kungojea lake hadi Alhamisi ijayo.