Mwanga katika Korido ya Mita Kumi na Mbili

Ulianza kama mbu. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa maabara, mkono wangu ukiwa kwenye kitasa, nikausikia mlio mwembamba ukipanda huko ndani: mbu, kisha filimbi, kisha kitu kikali kilichonifanya nikaze meno. Nikagonga.

"Usifungue!" sauti ya rafiki yangu ikatoka gizani. "Niko na giza humu, utanimwagia!"

Nilicheka peke yangu pale nje. Mtu mwingine angesema ana maziwa, ana mayai. Yeye alikuwa na giza, na alilichunga.

Tulikuwa mwaka wa nne wa fizikia, chuoni Machakos. Mradi wangu ulikuwa mdogo: kupima jinsi mchanga wa mto unavyoshika joto. Wake ulikuwa kupima kasi ya mwanga kwa kioo kinachozunguka. Wahadhiri walimwambia achague kitu rahisi, kwa sababu alikuwa tayari amerudia mwaka mara moja. Kanuni ya chuo ilijulikana na kila mtu: ukianguka mara ya pili, unaondolewa, na miaka yote uliyokaa inabaki kama nyayo za kuku kwenye vumbi. Lakini alikuwa mtu wa Kola, ametoka kwenye shamba la mawe, na alizoea kupiga jembe pale pagumu.

Mlio ulipozimika aliniruhusu niingie. Aliwasha taa, akanionyesha. Kioo kidogo, upana wa kidole gumba, kilikuwa kimefungwa kwenye mhimili wa grainda ya mkono, ile ambayo wachongaji wa Wamunyu hulainishia twiga na vifaru wao wa mbao. Alikuwa ameiazima kwa mjomba wake. Akaizungushia sanduku la mbao nene, ili kioo kikipasuka kisimtoe macho. Mwale mwekundu wa leza ulikipiga kioo hicho, ukapita kwenye lenzi, ukatoka kwa mlango wa nyuma, ukakimbia mita kumi na mbili hadi mwisho wa korido, ambako kioo cha pili, kisichosogea, kiliurudisha.

"Sasa sikia," aliniambia. "Mwanga unaenda, unarudi. Mita ishirini na nne. Ukifika hapa tena, kioo changu kimeshageuka kidogo. Kidogo sana. Kwa hiyo haurudi pale ulipotoka. Unaangukia kando."

"Kando kiasi gani?"

"Hapo ndipo nimekwama, dada."

Wiki zile za kwanza jibu lake lilikuwa nusu ya kasi inayofahamika, kila mara nusu, kama mtu anayetembea na mguu mmoja. Alilaumu mtetemeko. Kioo kilikuwa upande mmoja tu wa mhimili, na grainda ikienda mbio meza nzima ilitetemeka hata penseli zikaanguka. Siku moja akapata dawa. Alikata kioo kingine kidogo kilicholingana na kile cha kwenye mhimili, akavigandisha kwa gundi mgongo kwa mgongo, ili uzito uwe sawa pande zote. Akawasha. Meza ikatulia. Mashine ya kuhesabu, iliyopokea mmweko kila kioo kilipopitisha mwale mbele ya jicho lake dogo la umeme, ikaruka mara mbili ya hapo awali: mimweko elfu moja kwa sekunde.

"Ona inavyokimbia ikiwa imetulia!" alipiga kelele. "Asi! Ilikuwa inalemewa tu!"

Nami niliamini. Nani asingeamini? Chochote kikiondolewa mzigo hukimbia.

Siku hiyo alihesabu mbele yangu ubaoni. Doa la mwanga lilikuwa limehama milimita tatu na sehemu nne za mia, kwenye kipimo kilichowekwa mita sita kutoka kwenye kioo. Duara la mita sita kutoka katikati lina mzingo wa karibu milimita elfu thelathini na saba na mia saba. Gawanya: doa limehama sehemu moja kati ya elfu kumi na mbili na mia nne za duara zima. Kioo kinamaliza mzunguko kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Basi safari ya mwanga imechukua sehemu moja kati ya milioni kumi na mbili na laki nne za sekunde. Mita ishirini na nne, zidisha kwa milioni kumi na mbili na laki nne.

Chaki ikasimama. Mita milioni mia mbili tisini na saba na laki sita kwa sekunde.

Vitabuni ni karibu milioni mia tatu. Aliweka chaki chini taratibu, kama anayeweka yai. Kisha akampigia mama yake. Nilisikia Kikamba chake kikipanda na kushuka, na kicheko cha mwanamke upande wa pili. Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani akashukuru, na kwaya ikamwahidi kwamba itakuja kuimba siku ya mahafali.

Siku ya kutetea miradi tulikaa nyuma kama wasikilizaji. Mbele walikaa wawili waliokuwa na neno la mwisho: profesa aliyeongoza idara, mama mtaratibu wa sauti ya chini, na mtahini wa nje, mzee aliyetoka chuo kingine na aliyependa utani. Rafiki yangu alieleza vizuri. Alipofika kwenye jibu, mwenzetu mmoja alinong'ona kwa Sheng kumsifu, "Msee ameweza." Mtahini naye alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza, kama anayeuliza njia ya kwenda sokoni:

"Kijana, nikigeuza kioo digrii kumi, mwale unaoakisiwa unageuka digrii ngapi?"

"Ishirini, Daktari."

Alijibu haraka, kama mtoto aliyeulizwa jina lake. Kisha akalisikia jibu lake mwenyewe. Niliona mgongo wake ukikakamaa.

"Hebu nionyeshe hiyo mara mbili iko wapi kwenye hesabu yako."

Haikuwapo. Alikuwa amechukua pembe ya mwale akaifanya pembe ya kioo. Akageukia ubao. Kioo, kwa hiyo, kiligeuka nusu tu: sehemu moja ya elfu ishirini na nne na mia nane za duara. Muda wa safari ukawa nusu. Kasi ikawa mara mbili. Aliandika tarakimu moja moja, na mkono wake ukapungua mwendo kila tarakimu: milioni mia tano tisini na tano.

"Mwanga wa Machakos una mbio hivyo!" mzee akasema. "Sasa nyinyi huchelewa darasani kwa nini?"

Watu wakacheka. Mimi pia midomo ilinicheza, kabla sijamwona usoni.

Profesa hakucheka. "Nenda ukaangalie vifaa vyako," alimwambia. "Baada ya chakula cha mchana urudi utueleze."

Tulikimbilia maabara. Alipima korido upya: kumi na mbili. Alipima umbali wa kipimo: sita. Aliwasha, akaangalia doa: palepale. Harufu ya maharagwe ilitoka kantini, nje jua la saa saba lilipiga mabati, na ndani ya lile giza la mapazia alikuwa akihema kama mgonjwa. "Si hapa," alisema. "Si hapa pia." Nilimshikia tochi tu.

Ni alipoinua grainda ili kukaza mhimili ndipo akasoma kibandiko ubavuni. Mizunguko elfu thelathini na tano kwa dakika, mwisho.

"Elfu moja kwa sekunde," alisema polepole, "mara sitini. Ni elfu sitini." Akaniangalia. "Hii kitu haiwezi elfu sitini."

Alizima kila kitu isipokuwa leza, akakigeuza kioo kwa kidole, mzunguko mmoja. Doa jekundu lilipita ukutani. Kidole kikaendelea. Doa likapita tena. Mzunguko mmoja, nyuso mbili, mimweko miwili. Kioo hakikuwa kikizunguka mara elfu moja kwa sekunde. Kilizunguka mara mia tano, na mashine ilihesabu kila uso. Tangu siku ile ya gundi, kosa la pili lilikuwa limesimama juu ya la kwanza na kulifunika barabara.

Akanikumbatia. Alikuwa analia na kucheka. "Ni mia tano! Nusu kwa mara mbili! Inarudi palepale!"

Nilifurahi naye. Lakini tukipanda ngazi, lile neno *palepale* lilianza kunichoma, na sikujua kwa nini.

Alieleza kila kitu mbele yao, bila kuficha. Kioo sehemu moja ya elfu ishirini na nne na mia nane, mara mia tano kwa sekunde: sehemu moja ya milioni kumi na mbili na laki nne. Mita ishirini na nne, mara milioni hizo. Milioni mia mbili tisini na saba na laki sita. Aliipigia mstari.

Mzee alikuwa ameacha utani. "Naamini kuhusu kioo," alisema. "Nakuuliza jambo moja tu. Lile jibu la mia sita lingekuja mwanzo, ungefanya nini?"

"Ningetafuta kosa, Daktari."

"Na ile nusu uliyoipata kabla ya gundi?"

"Nilitafuta kosa."

"Na ilipokuja mia tatu?"

Alitazama ubao. Angeweza kudanganya, kila mmoja wetu pale alikuwa na uongo tayari wa kumpa.

"Niliacha kutafuta," alisema.

"Basi hukupima, mwanangu. Ulingoja namba unayoijua ikufikie."

"Lakini sasa ni sahihi, Profesa." Alikuwa amemgeukia mama yule, mikono ameifumbata.

"Ni sahihi," profesa akasema, na sauti yake ilikuwa na huruma isiyo na kazi yoyote. "Ilikuwa sahihi hata asubuhi. Sisi tunapima mradi uliouleta, na ule ulisimama juu ya makosa mawili ambayo hukuyaona. Siwezi kukupitisha."

Kwa mtu mwingine lingekuwa neno la kurudia mwaka. Kwake hakukuwa na mwaka uliobaki. Nilifikiria simu ambayo angepaswa kuipiga, na mwanamke wa Kola atakayeipokea akicheka kabla hajaambiwa. Nimeandika vitabu tangu siku hiyo, na sijapata sentensi ambayo angeweza kumwambia.

Alisema asante. Alichukua dasta akafuta ubao wote, kutoka juu mpaka chini, kwa ajili ya yule ambaye angefuata. Akapita katikati yetu bila kumtazama mtu. Nikanyoosha mkono, akaukwepa kwa upole. Mlango wa chumba kile ulizoea kubamizwa na upepo. Yeye aliushika kwa mikono miwili, akaurudisha nyuma yake polepole, mpaka komeo likaingia.