Kutoka Bwana Stoo Hadi Mtunza Stoo

Wafanyakazi wenzake walimwita Nukta, kwa kuwa hakuiachia karatasi yoyote itoke mezani pake kabla hajaipitia hadi alama ya mwisho. Alikuwa karani wa utumishi katika ile hospitali ya zamani yenye korido ndefu, zilizonukia dawa ya sakafu na chai ya wauguzi.

Asubuhi moja mkuu wake alimkabidhi tangazo la kazi. "Lugha ya kumtaja mwanamume au mwanamke iondoke yote," alisema. "Masharti usiyaguse hata moja."

Tangazo lilisema: "Anatafutwa bwana stoo. Awe mwanamume mwaminifu, mwenye cheti cha utunzaji wa stoo na uzoefu wa miaka mitano katika kazi hiyo, uliothibitishwa kwa barua ya ajira. Aweze kubeba katoni za kilo ishirini."

Nukta alivuta kiti. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimempunguzia kazi, maana "awe" na "aweze" hayambagui mtu. Palipokuwa na "bwana stoo" aliandika "mtunza stoo". "Mwanamume mwaminifu" akawa "mtu mwaminifu". Cheti, uzoefu, barua na katoni aliviacha kama vilivyokuwa, akavihakiki kimoja kimoja.

Kuna mtu aliyemfikiria. Shemeji yake, mjane wa kaka yake, ndiye aliyeshika funguo za stoo hiyo kwa miaka mingi. Cheti alikuwa nacho, na katoni alizibeba huku akiimba.

Tangazo lilipobandikwa, shemeji alimjia na bahasha ya maombi yake mkononi.

"Shemeji! Yule mwanamume mmempeleka wapi?"

"Tumempumzisha."

"Alikuwa amechokea nini, na kazi nafanya mimi?" Akacheka hadi akajishika kiuno.

Nukta akaifungua bahasha. Barua ya ajira ilisema: "Cheo: mama usafi." Funguo alikuwa amekabidhiwa kwa mdomo tu, na hakuna aliyekumbuka kuandika. Nukta aliinuka, akaenda kwa mkuu.

"Mheshimiwa, tukiongeza 'au uthibitisho wa msimamizi' baada ya 'barua ya ajira'..."

"Hilo ni sharti jingine, Nukta. Nilikutuma urekebishe maneno tu." Mkuu aliyasema kwa upole, na hapo ndipo palipouma, kwa kuwa alisema kweli.

Aliporudi, shemeji alimtazama usoni, akaelewa.

"Kumbe si mwanamume anayenizuia."

"Siye tena, shemeji."

"Ni mama usafi."

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Mama stoo, glavu zimetuishia wodini!"

"Nakuja, mwanangu."

Alitoka bila kuichukua bahasha. Nukta aliigonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka pamoja na bahasha nyingine za maombi, akakaa akiitazama.