Adui Anayetubu Filamu Ikikaribia Kwisha

Siku moja naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asisikie. Ni siku watu wa Kyebando waliponirushia maganda ya karanga kwa sababu ya machozi ya mtu mwingine.

Nimeusoma mchezo wako, mwanangu. Yule tajiri mnyang'anyi wa mashamba umemchora vizuri, nilimchukia mpaka chai ikapoa. Halafu ukurasa wa mwisho anasikia mtoto akiimba, anapiga magoti, anarudisha mashamba yote, watu wanacheza ngoma. Kabla hujaupeleka kwa mwalimu, keti kidogo. Nina habari za mtu anaitwa Kasule.

Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne kwetu Bungoma na miguu haitaki kutulia. Nilivuka mpaka nikafika Kampala miaka ile baada ya vita, watu wanapaka kuta rangi upya na kutafuta sababu za kucheka. Nilikwenda kuuza mitumba, nikaishia kwenye kipaza sauti. Mama mmoja, Adong, binti wa polisi kutoka kaskazini, alikuwa na kibanda cha video pale Kyebando: mabati, mabenchi, televisheni moja juu ya kabati. Filamu zilikuwa za Kihindi na za Kichina, na kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya televisheni na kuwaambia watu kwa Kiswahili kila kinachosemwa. Wateja wetu walikuwa polisi, wanajeshi na familia zao, Wakenya, na Wakongo wachache. Waganda walikuwa na kibanda chao na mkalimani wao ng'ambo ya barabara.

Utaniuliza nilijulia wapi Kihindi. Sikukijua. Nilitazama nyuso, nikajaza maneno. Na usicheke, wewe mwenyewe umejaza huo ukurasa wa mwisho.

Sasa, Mama Adong alikuwa na mume, Kasule, Muganda wa Kasubi, mtu wa maneno mengi na mashati ya maua. Kwa kuwa yeye hakujua lugha ya mkewe wala mkewe hakupenda Luganda, nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili, na cha Kasule kilikuwa na ugonjwa wa r na l, kila moja ikikaa kwenye kiti cha mwenzake. Mwaka ule kabla sijafika, Mama Adong alikwenda kwao kumzika baba yake. Kasule hakwenda. Alibaki, akang'oa jenereta ya kibanda, akaenda nayo Kansanga kufungua baa na mwanamke mwingine. Mke alirudi na nguo za msiba, akakuta kibanda kiza na wateja wamehamia ng'ambo ya barabara. Ilimchukua muda mrefu kuvuta umeme na kuwarudisha mmoja mmoja.

Basi siku hiyo ya maganda, saa nane mchana, tulionyesha filamu ambayo Kampala nzima ilikuwa ikiizungumzia. Adui anachoma kijiji, anamfunga mama mmoja wa kijiji kwenye nguzo, anacheka kutoka mwanzo mpaka karibu na mwisho. Mwishoni shati la stelingi, shujaa wetu, linachanika, adui anaona alama begani. Kumbe ni mdogo wake waliyepotezana utotoni! Anatupa bunduki, analia, nami nikapaza sauti: "Roho yangu imegeuka! Nilikuwa gizani, sasa nimeona nuru!"

Maganda yakaanza kunijia.

"Mkenya!" akaita afande mmoja wa benchi la mbele. "Huyu amegeuka saa ngapi? Mimi nilikuwa hapa, sikutoka hata kukojoa!"

"Si mimi, afande, ni filamu."

"Filamu haijui Kiswahili. Ni wewe uliyesema."

Nilitoka nje kujikung'uta, na nani alikuwa amesimama nyuma ya mabati, sikio limebandikwa ukutani? Kasule. Baa yake ilikuwa imekufa, yule mwanamke wa Kansanga alikuwa amemtoa nje na mashati yake, na sasa alitaka kurudi nyumbani.

"Mkenya, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Yare maneno ya loho. Nifundishe."

Nami, mwanangu, kwa ujinga wa ujana, nilifurahi kwamba kuna mtu mmoja Kampala aliyependa tafsiri yangu. Nilimfundisha yote, mpaka mahali pa kushika kifua na mahali pa kuvuta kamasi.

Jioni hiyohiyo, watu wamepanga foleni mlangoni kungoja onyesho la pili, Kasule akapiga magoti mbele ya mkewe. "Adong! Loho yangu imegeuka! Nirikuwa gizani, sasa nimeona nulu!"

Mama Adong akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Hiyo ni ya saa nane," akasema. "Na hata yule wa saa nane alisema vizuri kuliko wewe."

Foleni nzima ilicheka mpaka Waganda wakatoka ng'ambo kuuliza kuna nini. Kasule alibaki chini, hajui kama filamu imekwisha au inaendelea. Nilifikiri nitafukuzwa. Badala yake Mama Adong alitukalisha sote wawili kwenye benchi la nyuma, kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni, akafundisha.

"Yule adui wa filamu," akaanza, "angeona bega halina alama, angefanya nini?"

"Angepiga risasi," nikasema.

"Basi amegeuka wapi? Amepata ndugu tu. Hata simba hali watoto wake. Yule mama kwenye nguzo si ndugu yake, mbona hakumlilia?" Akamgeukia mumewe. "Na wewe. Baa ingekuwa inauza mpaka leo, ungeona nuru?"

Kasule akaanza kuhesabu vifungo vya shati lake la maua.

"Mtu anayetubu wakati hana pengine pa kwenda, hajatubu. Amechoka. Na tena unasema giza, giza. Giza gani? Sema kitu ulichofanya, kwa jina lake."

"Jeneleta," akasema Kasule polepole.

"Jenereta ni chuma." Akanyanyuka. "Fikiri tena. Ukitaka kazi, simama mlangoni ukate tiketi. Usiku nenda kwa ndugu yako. Na kwenye benchi hutaketi."

Akasimama. Miezi, mwanangu, alisimama kwenye ule mlango, na kila mteja aliyepita alishika kifua na kumwambia, "Loho yangu!"

Mimi nami nilianza kurekebisha filamu kwa kipaza sauti. Maneno ya Mama Adong yalikuwa yamenikaa. Ikija filamu ambayo adui angelia mwishoni, niliitazama kwanza mchana peke yangu, nikatafuta katikati mahali ambapo uso wake unasita hata kidogo, labda anawasha sigara na kugeuzia moto mgongo. Hapo nikampa neno: "Moshi huu unanukia kama kwetu." Baadaye kidogo anachelewa kutoa amri, nikampa jingine. Akija kulia, watu walikuwa wameshaanza kumshuku kwamba ana moyo. Lakini mahali ambapo uso hausiti, maneno yangu hayakusaidia kitu; nilijaribu mara moja, na afande akauliza kwa nini adui anasikitika huku anacheka.

Na wale maadui wanaojirusha mbele ya risasi ili wafe wakiwa wema? Benchi la mbele halikuwataka kabisa. "Amekimbia deni," walisema. "Afe nini? Abaki ajenge kijiji alichochoma." Wala wale wanaogunduliwa kwamba walirogwa. Aliyerogwa hakuwa mbaya, kwa hiyo hana alichogeuka. Kitu kimoja nilichoongeza kikawapendeza mno: yule mama wa kwenye nguzo, badala ya kumkumbatia adui, nilimfanya aseme, "Nimekusikia. Lakini nyumba yangu bado ni majivu." Kibanda kizima kilishusha pumzi.

Kasule mlangoni alikuwa akisikiliza.

Siku moja hakuja kazini. Wala iliyofuata. Mama Adong alikata tiketi mwenyewe, na alizikata kwa nguvu. Watu wakasema amerudi Kansanga. Alipotokea, viatu vimejaa vumbi, alisema alikuwa na shughuli, akashika mlango wake. Ni baadaye, kaka yake Mama Adong, askari aliyekuja likizo, ndiye aliyeuliza: "Dada, huyu mumeo, nani alimtuma kwetu?"

"Kwetu wapi?"

"Nyumbani. Alikuja akakaa kwenye kaburi la baba. Mama alimtukana kuanzia asubuhi mpaka jua likawa kali, na huyu hajui hata neno moja la lugha yetu, anaitikia tu. Halafu akaomba jembe akapalilia."

Mama Adong akaenda mlangoni. "Ulikwenda kufanya nini kule?"

Kasule akaangalia vumbi la viatu. "Nilikuacha uzike baba peke yako," akasema. "Hiyo ndiyo jina yake."

Kila r na kila l mahali pake. Nadhani alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ingekuwa ya saa nane tena."

Hakumkumbatia. Alimwambia arudi kazini. Wiki chache baadaye Kasule alikwenda Kansanga kweli, akalewa, akarudi akamweleza mwenyewe kabla mtu hajamchongea. Akatukanwa vizuri. Akaendelea kusimama. Mashati ya maua hakuyaacha, wala maneno mengi. Alikuwa Kasule yuleyule, ila ameanza kuelekea upande mwingine.

Halafu Jumapili moja, kibanda kimejaa mpaka madirishani, filamu iko mahali patamu kabisa, umeme ukakatika. Na unajua vichwa vyote viligeukia wapi? Mlangoni.

"Si mimi!" akapiga kelele Kasule, mikono juu. "Nipekueni!"

Kicheko kikapita, kisha manung'uniko. Watu wakaanza kusimama. Mimi bila televisheni ni bubu, maana bila nyuso sina cha kujaza. Nilimwona Mama Adong kwenye mwanga wa mlango ameshika mfuko wa tiketi kifuani, na nikajua anaona nini: kibanda kiza, wateja wanavuka barabara, kwa mara ya pili.

"Kaeni!" akasema Kasule. Alipita katikati ya mabenchi akasimama mbele ya televisheni iliyozimika. "Hii firamu mimi nimeiona wiki nzima nikiwa nimesimama. Nitawamarizia."

Akawamalizia. Alikuwa stelingi, alikuwa farasi, alikuwa mvua. Alipofika kwa adui alisimama kidogo, hakushika kifua, hakuvuta kamasi. Akasema tu jambo ambalo adui alifanya, kwa jina lake, na adui akaenda kubeba matofali. Hakuna aliyetoka. Afande wa benchi la mbele alijipangusa macho akasingizia joto.

Alipomaliza, alianza kurudi mlangoni kwake. Mama Adong akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chai:

"Mpeni kiti."

Basi, mwanangu, rudi kwenye mchezo wako. Huyo tajiri, mpe kusita ukurasa wa pili. Atubu wakati bado ana cha kupoteza, afanye jambo moja gumu mahali ambapo hakuna wa kumpigia makofi, na umwache na ubahili wake, maana anayebadilika kila kitu ni mtu mwingine. Asisamehewe na wote. Umsimamishe mlangoni mpaka miguu imuume. Ukifanya hivyo, hutahitaji ngoma mwishoni, kiti kimoja kitatosha.

Na Mungu akujalie watazamaji wakali kama wale wa Kyebando, na siku utakayokosea wewe mwenyewe, akupe mtu wa kukufungulia mlango kabla hajakupa kiti.